Mafunzo yasiyotibu kila ugonjwa: namna mama anayefundisha watu wazima anavyopata kuaminika

Katika vikundi vyetu wamo wengi wenye ujuzi wa miaka mingi. Kuna anayejua kushona, kuna anayejua kuweka kaye ya mahesabu, kuna anayejua kupokea wageni hotelini. Tena wengine wanaitwa mara kwa mara: "Mama, kuja ufundishe wenzako." Wanafundisha, wanapewa soda na asante, kisha wanarudi nyumbani. Juma hili tunataka kuonyesha namna ile kazi ya kufundisha watu wazima inavyoweza kuwa kazi ya kweli, yenye bei na yenye wateja wanaorudi.

Wengi wetu tunafikiri mfundishaji anaaminiwa kwa sababu ya makaratasi yake, au kwa sababu anasema vizuri mbele ya watu. Makaratasi yanasaidia kufungua mlango. Lakini patroni anayelipa pesa yake anakuita mara ya pili kwa sababu moja tu: ulimwambia wazi mafunzo yatabadili nini, na kisha ukamwonyesha kwamba kile kitu kimebadilika. Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mfano mmoja na tuufuate kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ni mfano tuliotunga sisi wenyewe, lakini kila aliyeuza kitu Bukavu au Goma atayatambua mambo yaliyomo.

Patroni anaomba dawa kabla ya kujua ugonjwa

Tuseme bulanjeri moja ya Bukavu ina depo sita za kuuzia mikate. Kila depo ina wauzaji wawili, wote pamoja ni kumi na wawili, na wengi wao ni wamama. Kila jioni wanaleta pesa na kaye, na mara nyingi pesa na kaye havikubaliani. Patroni amechoka. Anamwita mama mmoja aliyeuza Kadutu miaka 15 na anayejua sana mahesabu ya duka. Anamwambia: "Mama, wafundishe hawa watu uaminifu. Siku moja inatosha."

Hapa ndipo wafundishaji wengi wanaanguka. Wanakubali, wanasema siku nzima juu ya uaminifu, watu wanapiga makofi, na juma linalofuata pesa inapotea kama zamani. Patroni anasema: "Mafunzo haya ni bure tu." Naye hatamwita mama yule tena.

Mama wa mfano wetu anajibu hivi: "Papa, nitakujibu kisha siku tatu. Kwanza nipe kaye za majuma mawili yaliyopita, na uniruhusu nizungumze na wauzaji." Kwa majuma mawili, siku sita za kazi kila juma, depo sita zimetoa kurasa 72 za jioni. Anazisoma moja moja. Anakuta kurasa 30 ambazo hazikubaliani. Basi anazipanga kwa mafungu, akifuata sababu inayoonekana.

Fungu la kwanza ni kurasa 8 za dola. Muuzaji alipokea dola kwa kuhesabu faranga 2500 kwa dola moja, kama walivyofanya watu wa njiani siku ile. Jioni, biro ya bulanjeri ilihesabu dola ileile kwa faranga 2450. Mteja aliyelipa dola 5 alihesabiwa faranga 12500, lakini biro iliandika 12250. Faranga 250 "zimepotea", na hakuna aliyeziiba. Namna ya kutambua ni rahisi: ukigawanya pesa inayokosa kwa hesabu ya dola zilizopokelewa, unapata 50 kila mara. Wizi hauna kipimo cha namna ile.

Fungu la pili ni kurasa 10 za deni. Mteja wa kila siku alichukua mikate, akasema atalipa kesho. Kaye haina safu ya deni, basi muuzaji mmoja aliandika pembeni, mwingine aliweka kichwani, mwingine hakuandika kitu.

Fungu la tatu ni kurasa 6 zenye makosa ya hesabu yenyewe. Mteja alichukua mikate sita ya faranga 500, ni faranga 3000. Akatoa dola 5, ni faranga 12500. Ilipashwa arudishiwe 9500, naye akarudishiwa 10500. Kwenye kaye kosa linaonekana kama elfu moja kamili inayokosa.

Fungu la mwisho ni kurasa 6 ambazo mama hakuona sababu yake. Anaziandika hivyo hivyo, bila kubahatisha.

Swali moja linalotenganisha mambo

Sasa mama anapashwa kujua jambo moja: je, wauzaji hawa hawajui kufanya kazi, ao wanajua lakini kuna kitu kinachowazuia? Kuna swali linalosaidia sana: kama leo ungempa mtu huyu zawadi kubwa akifanya kazi vizuri, angeweza kuifanya? Akiweza, hana shida ya kujua, na hata ukimfundisha mwezi mzima hakutabadilika kitu. Kinachohitaji kutengenezwa ni chombo chake, ao amri anazopewa, ao mshahara wake. Asipoweza, hapo ndipo mafunzo yana kazi.

Hawezi kujua kwa kuwauliza tu, kwa maana mtu mzima hapendi kusema "sijui" mbele ya mwenzake. Basi anawaona mmoja mmoja, kila mtu dakika kumi, akiwa na pesa za kweli mkononi. Anawapa maswali manne ya kurudisha chenji, mawili ya faranga tupu na mawili ya dola. Wauzaji 7 wanapata yote manne. Wauzaji 5 wanakosa ya dola. Anaandika matokeo bila kumpelekea patroni majina. Hii hesabu ya 7 juu ya 12 ataihitaji baadaye.

Kisha siku tatu anarudi kwa patroni na ukurasa mmoja. Anasema: "Papa, kurasa 8 zinatokana na bei mbili za dola. Hizo utazimaliza wewe, bila mafunzo: kila asubuhi biro iandike bei ya siku kwenye karatasi, karatasi ifike depo zote, na jioni biro ihesabu kwa bei ileile. Kurasa 10 zinatokana na kaye isiyo na safu ya deni. Ongeza safu, mimi nitawafundisha kuijaza. Kurasa 6 ni makosa ya chenji, na hizo ni kazi yangu. Kurasa 6 sijui sababu yake, na sikuahidii kitu juu yake."

Tuangalie alichofanya. Zaidi ya nusu ya shida ameitoa nje ya mafunzo yake, ao amesema wazi kwamba peke yake hawezi kuimaliza. Mtu angefikiri amejipunguzia kazi. Lakini patroni alikuwa na mashaka juu ya wauzaji wake wote, na sasa ameona kwenye kaye zake mwenyewe kwamba sehemu kubwa ya shida inatoka biro. Mfundishaji anayesema "hili si la kufundishwa" anasikilizwa anaposema "na hili ni la kufundishwa."

Saa tatu za mafunzo, bila hotuba

Mama anaomba nyakati mbili za dakika 90, kisha mauzo ya asubuhi, na juma moja katikati. Siku moja nzima ingechosha wauzaji na kufunga depo. Tena kile mtu anachojifunza leo kinahitaji kujaribiwa kazini kabla ya kuongeza kingine.

Wakati wa kwanza anaugawanya hivi. Dakika 15 wauzaji wenyewe wanasema pesa inapotelea wapi. Yeye anaandika, hakosoi mtu. Dakika 10 anaonyesha mfano mmoja tu wa dola, polepole: kwanza bei ya mikate, pili dola zinageuzwa faranga kwa bei ya siku, tatu kutoa, nne kuhesabu chenji kwa sauti mkononi mwa mteja. Dakika 45 wanafanya wawili wawili, mmoja mteja na mwingine muuzaji, halafu wanabadilishana. Dakika 20 za mwisho kila mtu anafunga ukurasa mmoja wa kaye mpya yenye safu ya deni.

Ona kwamba dakika 10 tu ni za yeye kuonyesha. Hapo ndipo mafunzo ya watu wazima yanapotofautiana na masomo ya watoto. Muuzaji wa miaka 40 ameisha kuwa na njia yake ya kuhesabu, mara nyingine nzuri kuliko ya mfundishaji. Anataka kuona jambo hili linamsaidia nini kesho saa kumi na mbili asubuhi. Tena anaogopa haya, zaidi sana akikaa na kijana aliyemzidi masomo. Kwa sababu hiyo mama anachanganya wale 7 na wale 5 katika vikundi vya wawili bila kusema kwa nini, na haiti mtu ubaoni peke yake. Kwa wawili wasioandika vizuri, anaweka alama kwenye safu ya deni: mstari mmoja kwa kila mkate, na alama ambayo muuzaji mwenyewe amechagua kwa kila mteja.

Kuna maneno mamoja ambayo mama hayasemi kamwe: "Mumeelewa?" Watu wazima wote watajibu "Ndiyo, Mama," kwa heshima tu. Pahali pake anasema: "Nionyeshe." Mtu akionyesha vizuri, ameelewa. Akikosea, kosa limeonekana ndani ya chumba, halitamwondolea faranga kwenye depo.

Wakati wa pili, kisha juma moja, kila mtu analeta kurasa zake za kweli za siku sita. Hakuna mifano tena, ni kaye zao zinazosomwa.

Kusindikiza mtu kazini

Kufundisha ni kuonyesha wengi jambo moja. Kusindikiza ni kukaa na mtu mmoja ndani ya kazi yake mpaka aone mwenyewe anapokosea. Wengi wanauza kazi hizi mbili kwa jina moja, lakini hazifanani.

Mama wetu anatembelea kila depo mara moja, nusu saa kwa kila muuzaji. Anasimama pembeni, hashiki pesa, hajibu mteja. Mteja akiondoka, anauliza: "Ulijuaje kwamba chenji ile ni sawa?" Muuzaji mmoja anajibu: "Nilizoea tu." Hapo mama ameona hatari, kwa sababu mazoea ya bei ya jana ndiyo yanayoleta kosa leo. Hamwambii dawa, anamwuliza: "Bei ya leo imeandikwa wapi?" Muuzaji anageuka, anatafuta karatasi, anaikuta chini ya kikapu. Kesho yake karatasi imefungwa ukutani. Amri haikutoka kwa mtu, na kwa hiyo itadumu.

Kuna mpaka unaopashwa kuwekwa mapema, kabla ya kusindikiza kuanza, mbele ya patroni na mbele ya wauzaji: hesabu za kaye ni za patroni, mazungumzo ni ya muuzaji. Patroni akiuliza, "Yule mama alikuambia nini?" mfundishaji anajibu, "Papa, tulipatana." Mfundishaji anayegeuka kuwa mpelelezi hataambiwa ukweli na mtu yeyote tena, na habari yake inafika depo zote kabla ya jioni.

Ushahidi wa ngazi nne

Mwaka 1959 mwalimu mmoja wa Amerika, Donald Kirkpatrick, aliandika juu ya kupima mafunzo kwa hatua nne. Mpaka leo kampuni nyingi ulimwenguni zinapima hivyo, na sisi tunaweza kuzitumia bila gharama kubwa.

Ngazi ya kwanza: je, watu walipenda? Ya pili: je, walijifunza? Ya tatu: je, wanafanya kazi namna mpya? Ya nne: je, matokeo ya kazi yamebadilika? Wafundishaji wengi wanaishia ya kwanza. Wanahesabu watu waliokuja na wanaonyesha picha. Lakini tunajua wote kwamba pale wanapogawa pesa za usafiri, chumba kinajaa hata kama mafunzo hayana kitu. Chumba kujaa hakuonyeshi kwamba mtu amejifunza.

Mama wetu anapima zote nne. Mwisho wa mafunzo anauliza swali moja: ni kitu gani utakifanya kesho? Kisha anarudia maswali yale manne ya chenji: sasa wauzaji 11 juu ya 12 wanapata yote. Anayekosa anaongezewa nusu saa ya kusindikizwa. Anaangalia kama safu ya deni inajazwa. Na mwishoni anachukua kurasa 72 za majuma mawili yanayofuata, anazipanga kwa mafungu yaleyale.

Anakuta kurasa 8 zisizokubaliana. Za bei mbili za dola hakuna hata moja. Za deni ni 3, za makosa ya chenji ni 1, zisizojulikana sababu ni 4. Kutoka 30 mpaka 8!

Hapa kuna jaribu kubwa. Mfundishaji angeweza kuandika: "Mafunzo yangu yaliondoa makosa 22." Lakini kurasa 8 za kwanza ziliondolewa na karatasi ya bei, ambayo ni kazi ya biro. Za deni zilipungua kwa safu mpya na mafunzo pamoja. Sehemu yake ya wazi ni makosa ya chenji, kutoka 6 mpaka 1, na maswali manne, kutoka watu 7 mpaka 11. Anaandika hivyo. Tena anaongeza kwamba majuma yote manne yalikuwa ya kawaida. Kama angelinganisha majuma ya Noeli na majuma ya kawaida, hesabu ingedanganya. Patroni anayesoma ripoti ya namna hii anajua kwamba mtu huyu hamtii chumvi, na atamtaja kwa patroni mwingine.

Bei: usihesabu saa zinazoonekana tu

Patroni anaona saa tatu. Mama anajua ni siku tano: nusu siku ya kusoma kaye, nusu siku ya kuwaona wauzaji, siku moja ya kutayarisha, mchana miwili ya mafunzo inayomchukulia siku moja na safari zake, siku moja na nusu ya kutembelea depo, na nusu siku ya ripoti. Akijipangia dola 25 kwa siku, ni dola 125. Usafiri dola 15, fotokopi dola 10. Jumla dola 150. Bei ya siku inatofautiana kwa mji na kwa mtu, lakini njia ya kuhesabu ni hii. Aliyehesabu saa tatu tu angeomba dola 30, angeruka kusoma kaye, na mafunzo yake yangekuwa hotuba.

Yafaa kupatana kwa karatasi: kazi ni ipi, siku ngapi, kitu gani kitapimwa, nusu ya malipo mbele na nusu wakati ripoti inapotolewa. Malipo yasifungwe kwa matokeo ya mwisho peke yake, kwa sababu patroni akikataa kutengeneza bei ya dola, mfundishaji ataadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Patroni anaweza kusema: "Mimi ninalipa mchango wa INPP tayari." Ni kweli, ile taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi iliundwa 1964, na waajiri wanailipia mchango. Usishindane nayo. Mafunzo ya darasani ni kitu kimoja, na kusoma kaye za duka hili na kusimama kwenye depo zake ni kitu kingine. Uza hicho cha pili.

Kujenga jina kidogo kidogo

Kwa aliye mwanzo, mteja wa kwanza ni kikundi chetu wenyewe. Chukua likelemba moja, pima makosa ya kaye kabla, fundisha, pima baadaye. Omba viongozi waandike barua fupi inayosema kilichobadilika kwa hesabu, si "alifundisha vizuri sana". Weka katika fardi moja: ukurasa wa kabla, mpango wa dakika, ukurasa wa baadaye, na barua. Kazi tatu za namna hii zinasema zaidi kuliko karatasi kumi za kuhudhuria. Usionyeshe hesabu za mteja mmoja kwa mwingine bila ruhusa. Ondoa jina la duka.

Ukitoa karatasi kwa wanafunzi wako, iseme ukweli. "Alihudhuria" ni neno moja, "aliweza" ni lingine. Aliyekosa maswali ya chenji asipewe la pili, hata kama ni jirani yako. Siku moja karatasi ile itafika kwa mwajiri, na jina lililo chini yake ni lako.

Na ukiombwa kufundisha jambo usilolifanya kwa mikono yako, mtaje mwenzako anayelijua. Katika vikundi vyetu yuko.

Siku ya Posho, kwenye mkutano, kila kikundi kilete kaye yake ya miezi miwili. Tutazisoma pamoja na kuzipanga kwa mafungu, kama yule mama wa bulanjeri. Walio na hamu ya kufundisha wataanzia hapo.